Picha ya bidhaa yenye nafasi ya mishale na lebo: anza na maneno, kisha umwelekeze mchoraji

Umewahi kuona picha za bidhaa ambazo pembeni kuna mistari midogo, kila mstari umegusa sehemu fulani, na mwisho wake kuna maneno mawili matatu yanayoeleza sehemu hiyo ni nini. Mteja anaitazama kwa sekunde chache na tayari anajua bidhaa ina nini. Wauzaji wengi sasa wanajaribu kuzitengeneza kwa programu za akili mnemba, na wengi wanakwama mahali pamoja: programu inawaletea bidhaa nzuri iliyozungukwa na mishale inayoelekea hewani na maneno ya Kiswahili yaliyovurugika, herufi zimerudiwa, nyingine hazipo katika lugha yoyote.

Njia inayofanya kazi ni kugawa kazi mbili. Programu ichore bidhaa na iache nafasi tupu. Mishale na maneno utaviweka mwenyewe baadaye, kwenye Canva, Photopea, Inkscape au programu yoyote uliyoizoea. Hapo maandishi yanakuwa maandishi ya kweli, unayoweza kuyasahihisha, kuyakuza au kuyaandika upya kwa lugha nyingine bila kugusa picha.

Ugumu wote basi unahamia kwenye ile nafasi tupu. Programu hizi zimefunzwa kwa picha zilizopigwa na watu, na watu hujaza fremu: kitu kinakaa katikati, kikubwa, na pembeni panawekwa mapambo. Ukiacha maelekezo yako wazi, nafasi yako italiwa. Nitakuonyesha jinsi ya kuilinda kwa kutumia bidhaa moja ninayoijua vizuri, yaani jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo ndani, lile ambalo mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wamekuwa wakiligongea bati kwa miaka mingi.

Andika lebo kabla ya kufungua programu

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayoamua mengine yote. Upana wa nafasi tupu hautokani na uzuri wa picha. Unatokana na urefu wa maneno yako.

Muuzaji niliyemtengenezea picha hii alikuja na sehemu saba alizotaka zionyeshwe. Tulizipunguza zikawa tano, kwa sababu kwenye simu mistari saba inageuka kuwa utando. Zilizobaki ni hizi: "Mafiga matatu", yaani vile vibati vitatu vya juu vinavyobeba sufuria, "Kikombe cha udongo", "Mkono wa kubebea", "Mwili wa bati", na "Mlango wa hewa".

Sasa piga hesabu. Picha ya wima ya Instagram ya uwiano wa 4:5 ina upana wa pikseli 1080 na urefu wa pikseli 1350. Maandishi ya ukubwa wa pikseli 44 yanasomeka kwenye simu bila mtu kukunja macho. Chini ya 36 huanza kupotea. Kwa fonti za kawaida, herufi moja huchukua kwa wastani nusu ya ukubwa wa fonti, hapa pikseli 22. "Kikombe cha udongo" ina herufi 18 ukihesabu na nafasi kati ya maneno, kwa hiyo inahitaji takriban pikseli 396. Ongeza pikseli 60 za ukingo wa picha na 40 za pengo kabla ya bidhaa, na umefika karibu 500. Hiyo ni karibu nusu ya picha yote imekwenda kwenye maneno.

Ndipo unapokata lebo ndefu katika mistari miwili. "Kikombe" juu, "cha udongo" chini. "Mkono" juu, "wa kubebea" chini. Sasa mstari mrefu kuliko yote ni "Mlango wa hewa", herufi 14, pikseli 308. Pamoja na ukingo na pengo inakuwa 408, karibu asilimia 38 ya upana. Hiyo ndiyo nafasi yangu ya chini kabisa, na naijua kabla sijaandika neno hata moja la maelekezo.

Usichukue vipimo kutoka kwenye mifano ya picha za Kiingereza. Lebo ya Kiingereza yenye neno moja au mawili mafupi mara nyingi inakuwa na maneno matatu kwetu, na neno "cha" au "wa" halikwepeki. Nafasi iliyowatosha wao itakubana.

Chora kwa kalamu bidhaa itakavyokaa

Chukua karatasi. Chora mstatili wa wima, weka bidhaa upande mmoja na lebo zote upande mwingine. Kwa picha ya simu napendelea upande mmoja tu. Ukigawa lebo kushoto na kulia, kila upande unadai pikseli 400, bidhaa inabaki na 280 katikati, na inaonekana kama kiberiti.

Upande mmoja una sharti lake: sehemu zote unazotaka kuzionyesha lazima ziwe zinatazama upande huo au zionekane kutoka juu. Kwa jiko langu lebo ziko kushoto, hivyo mlango wa hewa lazima ugeukie kushoto, na mkono nitakaouonyesha ni ule wa kushoto. Kikombe cha udongo kiko ndani, kwa hiyo kamera lazima iwe juu kidogo. Ikiwa sawa na jiko kimo kwa kimo, udongo hauonekani na mstari wako utagusa bati huku maandishi yakisema udongo. Ikipanda juu mno, mlango wa hewa unajificha chini ya ukingo. Kati ya nyuzi 30 na 40 kutoka usawa, vyote viwili vinaonekana.

Kisha panga lebo kutoka juu hadi chini kwa mpangilio uleule ambao sehemu zenyewe zimekaa kwenye bidhaa: mafiga, kikombe, mkono, mwili, mlango. Mpangilio huu ukiheshimiwa, ni nadra mistari kukatana hata ikienda mshazari.

Maneno ya kutotumia

Jaribio la kwanza la watu wengi huwa hivi:

```
Infographic of a charcoal stove with 5 callouts,
arrows and blank labels
```

Kila neno hapo ni mwaliko wa kile usichokitaka. Neno `infographic` linaileta programu kwenye picha ilizojifunza ambazo zimejaa maandishi, hivyo inachora maandishi. `callouts` na `arrows` zinaleta mishale. `blank labels` ndiyo inayoshangaza zaidi: unapata vikaratasi vyeupe vinavyoning'inia kwa uzi, au visanduku vitupu vilivyotapakaa pasipostahili. Programu imetii. Umesema lebo tupu, ikachora vitu vinavyoitwa lebo.

Kwa hiyo usiitajie programu kazi utakayoifanya baadaye. Haihitaji kujua kuwa utaweka mishale. Inahitaji kujua tu kwamba sehemu fulani ya fremu ni ukuta mtupu. Neno linalosaidia ni `copy space`, kwa sababu wauzaji wa picha zilizopigwa tayari wamelitumia kwa miaka mingi kuelezea picha zilizoachwa wazi kwa ajili ya maandishi, na programu zimekutana nalo sana.

Kukataza nako kuna namna yake. Ukiandika ndani ya sentensi `no arrows`, programu nyingi hushika zaidi lile neno la pili. Zana za karibuni zinaelewa makatazo vizuri zaidi kuliko za zamani, lakini bado ni salama kueleza kilichopo: ukuta mtupu, rangi moja, mwanga sawasawa. Programu ya kuchora ya Midjourney ina sehemu maalumu ya makatazo, inayoandikwa mwishoni:

```
--no text, arrows, lines, props, pot, fire --ar 4:5
```

Stable Diffusion nayo ina kisanduku kinachoitwa `Negative prompt`, na humo unaandika majina ya vitu tu, bila neno `no`. Katika programu za mazungumzo, zile unazoziagiza kwa kuchati nazo, hakuna kisanduku hicho, kwa hiyo maelezo chanya ndiyo tegemeo lako.

Maelekezo kamili, na kwa nini kila sentensi ipo

Naandika maelekezo kwa Kiingereza kwa sababu moja. Neno jiko kwetu ni kifaa, na pia ni chumba kizima cha kupikia. Nimewahi kulitumia nikaletewa makabati na sinki. Hata `stove` peke yake huleta jiko la gesi lenye vichomeo vinne. Dawa ni kutaja sehemu za kifaa, na kuambatisha picha halisi.

Picha halisi si hiari. Unauza jiko fulani lenye mafiga matatu na mlango mmoja. Programu ikibuni la kwake, mteja ataletewa kitu tofauti na alichokiona, na lebo zako zitakuwa zinaeleza bidhaa isiyokuwepo. Piga picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, kwa pembe ileile uliyoichora kwenye karatasi. Kisha andika:

```
Studio product photo of the exact charcoal stove in the
attached picture: hourglass metal body, terracotta liner,
three pot rests, one small air door, two handles.
The stove stands in the right half of the frame, shown whole.
The left 45% and the top 20% are plain, evenly lit cream
background, copy space, completely bare.
Camera slightly above, about 35 degrees, air door facing left.
Soft light from the left, short shadow falling to the right.
Clean, unlit, empty stove. Everything in sharp focus.
Vertical 4:5.
```

Nilihitaji asilimia 38, nimeomba 45. Programu hizi hazipimi kwa rula. Asilimia kwao ni dokezo, na karibu kila mara bidhaa hujisogeza kuelekea katikati. Ziada hiyo ndiyo inayoliwa. Asilimia 20 ya juu ni mahali pa jina la bidhaa.

Sentensi ya mwanga ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mwanga ukitoka upande wa lebo, kivuli kinaangukia upande wa pili, na nafasi yako inabaki safi. Ukiugeuza, kivuli kirefu kinatambaa hadi chini ya maandishi, na lebo za chini zinakuwa juu ya rangi ya kijivu wakati za juu ziko kwenye krimu. Kuna faida nyingine pia: upande ambao mistari itagusa ndio unaopata mwanga, hivyo sehemu zinaonekana vizuri.

Nimesema jiko lisiwe na moto wala mkaa kwa sababu moto huvuta jicho na huficha kikombe. Nimesema kila kitu kiwe wazi, kwa sababu programu hupenda kuiga kamera inayofifisha nyuma, na mstari ukigusa sehemu yenye ukungu mteja hajui unamwonyesha nini. Rangi ya krimu nimeichagua kwa ajili ya bati la kijivu na udongo mwekundu, vyote vinajitenga nayo, na maandishi meusi juu yake yanasomeka. Kama bidhaa yako ni nyeupe, omba rangi iliyokolea kidogo, la sivyo kingo zake zitayeyuka kwenye ukuta.

Picha ikigoma kutii maneno

Wakati mwingine unarudia mara nne na bidhaa inakaa palepale katikati. Acha kubishana kwa maneno, ipe mpangilio kwa macho. Fungua Canva au Photopea, tengeneza ukurasa wa pikseli 1080 kwa 1350 wenye rangi moja ya krimu. Ondoa mandhari ya picha yako ya simu, weka jiko lililobaki upande wa kulia kwa ukubwa unaoutaka, kisha hifadhi. Ambatisha picha hiyo na uandike kwa ufupi:

```
Relight this as a clean studio photo. Keep the stove at
exactly the same position, size and angle.
Keep the rest of the frame plain cream and bare.
```

Programu nyingi hufuata picha kwa uaminifu zaidi kuliko sentensi. Mara nyingi siku hizi naanzia hapa moja kwa moja, hasa kwa bidhaa ambayo umbo lake si la kawaida.

Kuna njia nyingine rahisi pale ambapo bidhaa imetoka vizuri ila imejaza fremu. Kama ukuta wa nyuma ni wa rangi moja, panua ukurasa upande wa kushoto na uujaze kwa rangi ileile. Hii haifanyi kazi kama ukuta una mteremko wa rangi, unaoanza na mwanga na kuishia gizani, kwa sababu mshono utaonekana. Ndiyo maana yale maneno `evenly lit` yapo.

Kagua kabla ya kuweka hata mstari mmoja

Kwanza hesabu sehemu. Mafiga matatu au manne? Mlango mmoja? Mikono miwili? Katika picha za jiko hili kosa nililokutana nalo mara nyingi lilikuwa figa la nne, na lilikuwa limechorwa kwa ustadi kiasi kwamba muuzaji mwenyewe hakuliona hadi alipohesabu kwa kidole. Angalia pia kama mlango wa hewa umebaki mlango, maana programu hupenda kuugeuza kuwa alama ya mapambo isiyofunguka. Picha yenye kosa la namna hii hairekebishwi kwa lebo. Rudi kwenye picha ya simu, iambatishe upya, au tumia sehemu ya kuhariri ya programu, weka alama kwenye eneo lenye kosa tu na uombe libadilishwe.

Pili, weka mstatili wa pikseli 408 kwa urefu wote wa upande wa kushoto, wenye rangi nyekundu inayopenyeza kidogo. Mstatili huo ukigusa bidhaa, kivuli au kipande cha mkaa kilichojiotea kwenye kona, nafasi haitoshi. Vitu vidogo vilivyovamia unaweza kuvifuta kwa kifutio cha programu. Bidhaa ikiwa imeingia ndani, ni bora kuisogeza kwa njia ya ukurasa wenye rangi niliyoieleza.

Tatu, tumia kile kifaa cha kuchukua rangi na uguse ukuta mahali patatu: juu, katikati na chini ya eneo la lebo. Rangi zikitofautiana kidogo hakuna neno. Zikitofautiana hadi jicho linaona, utalazimika kubadilisha rangi ya maandishi katikati ya picha, na hilo huharibu kila kitu.

Kuweka mishale na lebo

Anza na ncha, si na maneno. Weka nukta ndogo kwenye kila sehemu, mahali palipo katikati ya sehemu hiyo na penye rangi moja. Kwa kikombe, nukta iende kwenye ukuta wa ndani wa udongo ulio mbali na kamera, ambao ndio unaoonekana zaidi. Kwa mafiga, chagua lile la nyuma, lililo juu kabisa ya picha, ili mstari wake upite juu ya mstari wa kikombe.

Kisha zipange lebo kwa safu moja, zote zikianzia pikseli 60 kutoka ukingo wa kushoto. Usijaribu kuziweka karibu sana na nukta zake. Jiko lenyewe lina urefu wa kama pikseli 650, na lebo tano, nyingine zikiwa na mistari miwili, zitabanana humo. Zitandaze kuanzia pikseli 350 kutoka juu hadi 1200, ziachane kwa pikseli 210 hivi, halafu uache mistari iende mshazari kuzifuata nukta. Mstari wa unene wa pikseli 3 unatosha. Bati la kijivu likiumeza mstari mweusi, fanya nukta iwe nyeupe yenye mzingo mweusi. Itaonekana kwenye bati na kwenye udongo pia.

Napendelea mstari wenye nukta kuliko mshale wenye ncha. Ncha ya mshale ni pana na hufunika sehemu ndogo kama kishikio cha mlango. Mshale unafaa zaidi unapoonyesha mwendo, kwa mfano hewa inavyoingia kupitia mlango na kupanda kwenye matundu ya kikombe.

Sasa itume kwenye simu yako na uitazame kwa ukubwa utakaoonekana kwa mteja, bila kuikuza. Mpe mtu ambaye hajawahi kuliona jiko hilo, aziseme sehemu tano kwa sauti. Mahali anaposita ndipo pa kurekebisha, na mara nyingi ni nukta iliyokaa kwenye mpaka wa sehemu mbili.

Hifadhi picha tupu peke yake, kwa jina lake, kabla ya ile yenye lebo. Duka likipata mteja Bujumbura au Bukavu atakayetaka lebo za Kifaransa, unabadilisha maneno tu, ila pima upya mstari mrefu kuliko yote. Toleo lenye maandishi lihifadhi kama PNG, kwa sababu JPG huacha ukungu kuzunguka herufi. Na ukimtumia mchapaji kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, maana ikienda kama picha itabanwa na mistari yako ya pikseli 3 itafika imechakaa.